Feri Imekuacha: namna ya kutafsiri tukio la mapenzi bila kulivua nguo

Tutafanya kazi na kipande kimoja tu, kifupi, tangu rasimu ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikitunga mwenyewe kwa Kiingereza kwa ajili ya mazoezi, kwa sababu nilitaka mitego yote ikae mahali pamoja, lakini tutakichukulia kana kwamba kimetoka kwenye riwaya ya mtu mwingine. Hadithi iko kwenye kisiwa kidogo cha Uskoti. Ailsa Kerr ni mjane na fundi cherehani. Rory Munro ni fundi wa mashua anayekaa ng'ambo. Kila Alhamisi huvuka kwa feri kuja kufanya kazi kisiwani, hupita kwa Ailsa kunywa chai, na hurudi kwa feri ya mwisho ya saa mbili na nusu usiku. Kwa sura kumi na moja wameitana "Bi Kerr" na "Bwana Munro". Tukio letu liko mwishoni mwa sura ya kumi na mbili: Ailsa anamshonea Rory kifungo cha shati alilolivaa.

Hii ndiyo rasimu ya neno kwa neno, ambayo mfasiri yeyote angeiandika kwa haraka asubuhi ya kwanza:

"Rory alijitolea kuvua shati lake. Alimwambia hakukuwa na haja. Alivuta kiti chake karibu na kuingiza sindano katika kitambaa juu ya kifua chake. Aliweza kuhisi pumzi yake juu ya vidole vyake. 'Usisogee,' alisema. Hakusogea. Alipomaliza aliinamisha kichwa chake na kuuma uzi, na kwa muda mashavu yao yalikuwa karibu kugusana. Kutoka bandarini ilikuja honi ya feri ya mwisho, mara mbili. Hakuna hata mmoja wao aliyetazama saa. Aliacha mkono wake mahali ulipokuwa. 'Umeikosa, Rory,' alisema. 'Niliisikia,' alisema. Alisimama na kuvuta pazia, ingawa hakukuwa na mtu yeyote upande ule isipokuwa bahari."

Kila neno lipo, lakini tukio halipo. Msomaji hajui nani kamshika nani, na akifika kwenye pazia ameshachoka.

Kwanza: andika yasiyosemwa

Kabla ya kugusa sentensi hata moja, chukua karatasi uandike kwa lugha kavu mambo ambayo mwandishi ameyaficha. Kwa kipande hiki yako matatu. Rory analala hapo usiku huo. Ailsa ndiye anayeamua. Wote wawili wanajua, na hakuna anayetamka. Karatasi hiyo ni yako peke yako. Hakuna neno lake hata moja litakaloingia kwenye tafsiri. Kazi yake ni kukuonyesha vitu vinavyobeba siri: honi, mkono na pazia. Ukiviharibu hivi vitatu umeharibu kila kitu, hata kama sentensi zako ni nzuri kiasi gani.

Halafu rudi nyuma katika kitabu ukavitafute vitu hivyo. Honi inafanya kazi kwa sababu msomaji ameisikia tangu sura ya pili, na kila mara Rory alikurupuka kuchukua kofia. Kama huko nyuma uliandika "kivuko", mahali pengine "pantoni", na hapa unaandika "feri", uzi umekatika. Mimi hufungua daftari la maneno ya kitabu tangu ukurasa wa kwanza, na vitu vinavyojirudia navipa neno moja tu hadi mwisho. Humo huandika saa pia. Saa ya Kiingereza inayosema nane na nusu usiku kwetu ni saa mbili na nusu, na nimewahi kuona feri ikiondoka saa nane usiku kwenye tafsiri iliyopita kwa wahariri wawili.

Jambo la mwisho kabla ya kalamu: igiza tukio, au muulize mwenye kazi yake. Nilimpa rasimu dada mmoja fundi cherehani, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mkono wake wa kushoto uko wapi?" Ukishona kifungo kwenye shati lililovaliwa, alisema, lazima vidole vya mkono mmoja vipite ndani ya shati, kati ya kitambaa na mwili, la sivyo utamchoma mtu. Kwa hiyo vidole vya Ailsa viko kifuani pa Rory tangu mwanzo. Matini ya Kiingereza hailisemi hilo, na mfasiri hana ruhusa ya kuliongeza. Lakini ukishalijua, hutaandika kitu kitakachoupinga mkono ule, na utaelewa kwa nini pumzi za Rory zinamfikia vidoleni.

Pili: wape watu majina yao

Hapa ndipo tafsiri nyingi za mapenzi zinapofia. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke. Sisi tuna "a-" moja kwa wote, "-m-" moja kwa wote, na "wake" wa kila mtu. Katika habari za siasa hilo halisumbui. Katika chumba chenye watu wawili waliokaribiana, "alihisi pumzi yake juu ya vidole vyake" ni fumbo la hesabu.

Usidhani majina pekee yatatosha. Msomaji wa Singida au Kisumu hana sababu ya kujua kwamba Ailsa ni jina la kike. Hakikisha mahali fulani karibu na mwanzo wa sura umempa alama: mjane, mama mwenye nyumba, fundi wa kike. Ndani ya tukio lenyewe taja jina kila mtenda anapobadilika, kisha mwache atende mambo mawili matatu kwa "a-" kabla ya kubadilisha tena. Hofu ya kurudia jina tumeitoa kwenye mafunzo ya insha za Kiingereza. Kiswahili hakichukii kurudia jina. Kinachochukiza ni kuandika "mwanamke huyo" na "mwanamume huyo" kila mstari, kama taarifa ya polisi. Neno "mwenzake" au "mwenziwe" hukusaidia mara moja, ukilitumia mara tatu linachosha.

Kisha ondoa "wake" kwenye viungo vya mwili. Kwa Kiswahili mtu hashiki "mkono wake", humshika mtu mkono. Haweki mkono "juu ya kifua chake", humwekea mkono kifuani. Kiungo hakitengwi na mwenyewe, na kitenzi ndicho kinachotuambia ni cha nani. Pita kwenye rasimu yako na kalamu nyekundu, zungushia kila "wake", "chake" na "vyake", uone ngapi zinaweza kufa. Kwenye kipande chetu, pamoja na "lake" na "yake", ziko saba, na katika rasimu ya mwisho hakuna hata moja. "Aliweza kuhisi pumzi yake juu ya vidole vyake" inakuwa "Pumzi za Rory zilimpita vidoleni." Utaona kwamba "aliweza kuhisi" nayo imekwenda. Tukishasema pumzi zimempita, msomaji anajua kuwa amezihisi.

Kuna faida hapa pia, ambayo wafasiri hawaitumii vya kutosha. "A-" isiyo na jinsia ni zawadi pale mwandishi anapotaka watu wawili wachanganyike. Kwenye mazungumzo ya mwisho sikuandika "alisema" hata mara moja. Sauti mbili zinajibizana, na msomaji anazitambua kwa maneno yenyewe.

Tatu: chagua mwendo

Mapenzi ya staha yanahitaji polepole, na polepole ya Kiswahili imo kwenye viambishi vya wakati kuliko kwenye vivumishi. "-Ka-" ni mguu wa msimuliaji: akainuka, akaenda, akafungua. Kila "-ka-" inasukuma mbele. Ukizipanga tano mfululizo katika tukio kama hili, Ailsa atashona, ataukata uzi na kuvuta pazia kama mtu anayewahi basi. "-Ki-" hulegeza, kwa kuwa inaonyesha jambo linaendelea huku lingine likitokea. "-Li-" ikirudi baada ya "-ka-" kadhaa hufanya kazi ya pekee: inasimamisha msafara na kuanza upya. Linganisha "Akamwambia atulie, akatulia" na hii:

"Tulia."

Rory alitulia.

Maana ni ile ile, lakini katika ya pili kuna mahali pa kushusha pumzi. Kwa kawaida naacha "-ka-" mbili tatu za kazi za mikono, yaani kiti, sindano na uzi, halafu naweka "-li-" kwenye jambo ninalotaka msomaji alitazame.

Neno "tulia" lenyewe lilinichukua muda. Kiingereza kinasema tu asisogee. "Usisogee" ni sahihi, ila ina harufu ya mlinzi. "Tulia" ndiyo kauli ya fundi, ya muuguzi, ya mama anayesuka nywele, na inabeba kutosogea na kutokuwa na wasiwasi kwa pamoja. Mwandishi angelikuwa nayo, nadhani angeitumia.

Nne: angalia nani ameamua

Kiswahili kina vitenzi vinavyoweza kufanya tendo litokee bila mtenda. Kifungo kilifunguka. Mlango ukafungika. Pia tuna "-ana", inayogawa tendo kwa wawili: wakatazamana, wakashikana. Mfasiri anayetafuta staha huvikimbilia, kwa sababu vinaficha. Tatizo ni kwamba vinaficha pia uamuzi. Ikiwa matini inasema mwanamke ndiye aliyembusu mwanamume, nawe ukaandika "wakabusiana", umemnyang'anya ujasiri uliomchukua kurasa mia mbili kuupata. Mabaya zaidi, tukio la hiari lililofichwa mtenda linaweza kusomeka kama jambo lililompata mtu bila ridhaa yake.

Nilikosea hapa mwenyewe. Sentensi ya mkono niliipenda sana niliposhika hii: "Mkono wa Ailsa ulikuwa bado kifuani, na pale ukabaki." Ina mdundo mzuri. Baada ya siku mbili nilirudi kwenye karatasi ya yasiyosemwa, nikakuta nimeandika kwamba Ailsa ndiye anayeamua. Katika sentensi yangu haamui yeye, unaamua mkono. Nikajaribu "Aliuacha mkono pale pale". Bora, lakini mtu anaweza kuuacha kwa kusahau. Mwisho nikaandika: "Ailsa hakuuondoa mkono."

Kanusho ndicho chombo cha staha ninachokiamini kuliko vyote. Ukisema hakuuondoa, umesema kwamba ilikuwa zamu ya kuuondoa, kwamba kila Alhamisi angeuondoa, na kwamba safari hii amechagua. Yote hayo bila kuongeza kitu kwenye matini. "Hakuna aliyeitazama saa" inafanya kazi hiyo hiyo.

Tano: msamiati, na maduka matatu ya kutoingia

Maneno ya mapenzi yanapokosekana, mfasiri huenda kuazima. La kwanza ni duka la zahanati: "kukutana kimwili", "kujamiiana", "tendo". La pili ni la mahubiri na ushauri wa ndoa: "tendo la ndoa", "wakawa mwili mmoja", "haki za unyumba". La tatu ni la hadithi za mapenzi za magazetini, na hili ndilo la hatari kwa sababu maneno yake yanakuja yenyewe mkononi: akajikuta, mwili ukamsisimka, akahema kwa nguvu, akameza mate, sauti nyororo ya mahaba. Hayo si matusi. Ni kwamba yanatangaza hisia kabla msomaji hajazipata. Ukiona umeandika "akajikuta", uliza ni nani hasa aliyefanya, na utarudi kwenye hatua iliyotangulia.

Vitenzi vya kugusa navyo vina uzito tofauti. "Gusa" ni nyepesi na haina nia. "Shika" ina nia. "Papasa" imeshavuka mstari, na kwa wasomaji wengi inanuka uonevu wa kwenye daladala. Kwenye kipande hiki, kwa mkono wa Ailsa sikuhitaji hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa kazi ya ushoni imenipa vitenzi vya kutosha: kusogeza, kupitisha, kuinama, kukata. Tukio linapojengwa juu ya kazi ya mikono, tumia maneno ya kazi hiyo kwa usahihi, nayo yatabeba mapenzi yenyewe. Ila yajaribu masikioni mwa wengine. Rasimu yangu ya pili ilisema Ailsa "akachoma sindano kifuani pa Rory". Msomaji wangu wa kwanza alicheka mpaka machozi, akauliza kama jamaa alipona. Ndiyo maana sasa sindano "inapitishwa".

Kuna kishawishi kingine, kitamu zaidi. Pwani yetu ina hazina ya mafumbo ya mapenzi: vikuba vya asumini, chetezo cha udi, jina la kanga lililochaguliwa makusudi ili mtu fulani alisome. Mfasiri aliyelelewa nayo anatamani kuinyunyizia Uskoti. Usifanye. Nyumba ya Ailsa inanuka sufu mbichi, chai na moshi wa makaa, na msomaji amekuja kuiona hiyo. Tunachoweza kuchukua kutoka Pwani ni mwenendo: kusema jambo kwa kutaja lililo pembeni yake. Jina la kanga halimtaji mlengwa, na kila mtu mtaani anamjua. Pazia la Ailsa ni la ukoo huo huo.

Maneno ya kuitana nayo yanataka subira. Mazoea ya filamu zetu yatakuambia uweke "mpenzi" katika kila jibu. Katika kipande hiki, tukio zima la mapenzi kwenye mazungumzo ni Ailsa kuacha "Bwana Munro" na kusema "Rory". Ili hilo lisikike, lazima uwe umeshikilia "Bwana Munro" katika sura kumi na moja zilizotangulia, hata pale iliposikika rasmi kupita kiasi na mhariri akataka uilainishe. Mkatalie.

Na sasa "umeikosa". Kiswahili kina njia iliyo bora. Kwetu chombo ndicho kinachomwacha mtu: basi limeniacha, treni imetuacha. "Feri imekuacha, Rory." Ghafla feri ndiyo iliyoondoka, na hakuna anayelaumiwa kwa kubaki. Jibu la Rory linaharibu kisingizio hicho kwa neno moja, kwa sababu "Nimeisikia" maana yake ni kwamba angeweza kuinuka. Nimetumia "-me-" badala ya "niliisikia" ya rasimu, kwa kuwa honi bado iko masikioni.

Rasimu ya mwisho

"Rory alitaka kulivua shati. Ailsa akasema hakuna haja. Akasogeza kiti, akapitisha sindano pale pale kifuani. Pumzi za Rory zilimpita vidoleni.

'Tulia.'

Rory alitulia.

Kifungo kiliposhika, Ailsa aliinama akaukata uzi kwa meno, na kwa kitambo mashavu yakakaribia kugusana. Huko bandarini feri ya mwisho ilipiga honi. Ikapiga tena. Hakuna aliyeitazama saa. Ailsa hakuuondoa mkono.

'Feri imekuacha, Rory.'

'Nimeisikia.'

Akainuka, akavuta pazia, ijapokuwa upande ule hapakuwa na mtu ila bahari."

Hiyo "Akainuka" nimeiacha bila jina kwa makusudi, kinyume na nilichokushauri hapo juu. Anayevuta pazia nyumbani kwa mtu ni mwenye nyumba, na msomaji ataliona hilo bila kuambiwa. Kama mhariri wako atasisitiza jina, mpe. Si la kugombania.

Mwisho: jaribu kwa watu

Soma kwa sauti kwanza, peke yako. Mahali unapojikwaa mara mbili pana tatizo la viambishi, mara nyingi "-ka-" nyingi mno au mtenda aliyepotea. Kisha mpe msomaji asiyejua matini ya Kiingereza, mwulize maswali matatu bila kumdokeza: Rory amelala wapi usiku huo? Nani aliyeamua? Umejuaje?

Swali la tatu ndilo kipimo. Akikujibu kwa honi, mkono au pazia, umefika. Akisema "sijui, labda alirudi", umeficha kupita kiasi, na kosa huenda liko nyuma, kwenye sura ambazo honi haikusikika vizuri. Akikusimulia mambo ambayo hayamo kwenye kitabu, busu au kitanda, tafuta neno lililomtuma huko. Mimi niliwahi kulipata kwenye "kumwegemea", ambalo niliona halina hatia kabisa.

Nilimpa rasimu hii shangazi yangu, mtu wa kusali sana, huku nikiwa na wasiwasi kidogo. Aliisoma mara moja, akavua miwani, akaniuliza: "Kesho yake jirani walisema nini?"